Skrubu Mbili za Behewa

Joab Oloo hakuwa mtu wa hasira za ovyo. Angekanyagwa mguu sokoni Marikiti akakuambia pole wewe uliyemkanyaga. Lakini mletee ngoma ya juzi umwambie ni ya babu wa babu yako, hapo utamjua. Mishipa ya shingo ingemsimama, na lile sikio lake la kushoto, ambalo mashine za karakana ya reli zililiziba nusu, lingegeuka jekundu kweli kweli.

Kazi yake alikuwa akiifanyia katika chumba kimoja cha chini Mji wa Kale, katika uchochoro ambao watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibanze ukutani. Humo alitengeneza udi, gambusi, ile ala ya nyuzi ya gogo moja yenye tumbo la ngozi, matari na ngoma. Alikuja Mombasa kutoka Siaya akiwa kijana, akaajiriwa useremala katika karakana ya reli, na jioni, badala ya kwenda kunywa na wenzake, alikuwa akienda kukaa kwa Mzee Mselemu, fundi wa gambusi, kumtazama akichonga. Baba yake Joab alikuwa mpiga nyatiti, zeze la Kijaluo, kwa hivyo ngozi na nyuzi havikumshangaza. Mzee Mselemu alimfukuza mara tatu. Mara ya nne akampa tezo.

Hiyo ilikuwa miaka arubaini iliyopita. Mzee Mselemu amekwisha kufa, chumba kimebaki na Joab, na bado kila mwaka hakosekani mtu wa kuchungulia mlangoni akauliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Akiambiwa ndiye huyu, hukunja uso. Mjaluo na gambusi wapi na wapi! Kana kwamba mti huuliza kabila la anayeuchonga. Joab alikwisha kuzoea, lakini kuzoea jambo si kulisamehe.

Mwaka jana alimjia kijana mmoja mtanashati, Griffins, mwenye duka la vinyago na vitu vya mapambo. Alileta msondo, ile ngoma ndefu ya kusimama, mweusi tititi, unanuka moshi. Alitaka karatasi tu. Karatasi ya kusema kuwa msondo una miaka mia.

Joab aliugeuza, akaunusa, akaingiza mkono ndani. Ndani mlikuwa mweupe, na patasi imepita juzi. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo, pale ngozi inapobanwa kwa vijiti.

"Miaka mia?" aliuliza.

"Mia na zaidi, mzee."

"Ngozi ya ngoma inayopigwa haimalizi miaka mingi. Ikipasuka, inavuliwa, nyingine inavishwa, na vijiti vinatobolewa matundu mengine kando ya yale ya kwanza. Ngoma ya miaka mia ingekuwa na ukingo kama chekeche. Hii ina safu moja tu. Umri wote huo imevaa nguo moja?"

Griffins alicheka, akamwekea noti mbili juu ya meza. Joab alizichukua zile noti, akazitia ndani ya msondo, akautoa msondo nje uchochoroni, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Basi turudi kwenye habari yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi alipobisha hodi Mejumaa. Mejumaa ni mwalimu wa chekechea Bondeni, mwanamke wa miaka arubaini na kitu, na katika harusi za wanawake hakuna anayepiga gambusi kama yeye. Alifunzwa na baba yake, marehemu Mzee Khatibu, aliyekufa miezi minne nyuma.

"Sabalkheri, Fundi."

"Sabalkheri, mwalimu. Mwaonaje nyumbani?"

"Alhamdulillah, twashukuru." Akakaa kwenye kigoda, akavuta leso yake kichwani. "Fundi, nina neno. Nyumba tumeshagawanya, mimi na kakangu Athmani. Imebaki gambusi ya baba. Athmani yuwataka kuichukua yeye. Asema ataitia thamani, mimi anipe fungu langu, thuluthi. Ameleta karatasi ya bei."

"Bei gani?"

"Elfu tisa. Kwa hivyo mimi nipewe elfu tatu, niondoke."

Joab aliweka chini patasi. Gambusi ya Mzee Khatibu aliijua. Alikuwa na sababu yake ya kuijua, sababu ambayo hakupenda kuikumbuka.

"Elfu tisa, gambusi ile?"

"Athmani asema ile si ile. Asema ya babu ilianguka ikapasuka mwaka wa themanini na nane, baba akaitupa, akanunua nyingine duka la watalii. Mimi nilikuwa mtoto, sikumbuki. Shangazi Fadhiya naye wakati huo alikuwa kaolewa Lamu. Fundi, mimi sijui miti. Lakini nikiishika gambusi ile, gumba langu laingia mahali pake penyewe. Gambusi ya dukani yaweza kufanya hivyo?"

Joab alichukua kitambaa anachofungia vyombo vyake vya kazi, tochi ndogo, na kile kioo chenye mkono mrefu alichopewa na daktari wa meno, akasema, "Twende."

Nyumbani kwa Shangazi Fadhiya walimkuta Athmani ameshafika, shati jeupe, simu mbili mezani. Athmani ni wakala wa kutoa mizigo Kilindini, mtu anayejua kuzungumza na makarani mpaka kontena litoke lenyewe. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, mwanamke wa miaka sabini na minane, dada wa marehemu Mzee Khatibu. Katika mirathi ile hakuwa na fungu, kwa kuwa marehemu aliacha mtoto wa kiume, na ndiyo maana wote wawili walikubali awe yeye wa kuwasikiliza.

Gambusi ilikuwa imelazwa juu ya mkeka. Joab alipoiona alisahau salamu.

Jamani, jamani! Ile gambusi ya rangi ya tende mbivu, iliyopigwa mpaka ikang'aa kwa mafuta ya mikono, ilikuwa imepigwa msasa mwili mzima, ikawa manjano kama fenesi lililopasuliwa leo. Juu yake imemwagwa vanishi ya makabati. Tumbo limevishwa ngozi mpya nyeupe. Na kama hilo halikutosha, ilikuwa imetiwa nyuzi za chuma za gitaa, zimekazwa mpaka kile kijiti kinachozibeba kimedidimia ndani ya ngozi.

Joab alipiga magoti. Kabla ya kusema neno, alishika vigingi kimoja kimoja akalegeza nyuzi zote saba. Zilinung'unika zikanyamaza.

"Wee, fundi, waharibu!" Athmani alifoka. "Imetengenezwa hiyo."

"Nani aliyetengeneza?"

"Mtaalamu. Griffins. Ndiye aliyeandika na bei."

Joab alihisi sikio lake la kushoto linawaka. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa kuifanya ngoma changa kuwa kizee, ameamua kukifanya kizee kuwa kichanga! Alitaka kusimama aseme maneno ambayo hayasemwi mbele ya mwanamke wa umri ule. Akabaki magotini.

"Nisomeeni karatasi," alisema.

Athmani akaisoma kwa sauti ya ofisini: gambusi ya kisasa, ya mapambo, mbao mpya, ngozi mpya, haina historia, shilingi elfu tisa.

"Ngozi mpya," Joab alirudia. "Bi Fadhiya, mtu akivaa kanzu mpya siku ya Idi, huwa amezaliwa siku hiyo?"

"La, mwanangu."

"Ngozi ni nguo. Inachakaa, inabadilishwa. Umri tunautazama kwenye gogo."

Akamwomba shangazi asogee karibu na dirisha. Athmani alitazama saa yake. Joab hakumjali. Alimwonyesha shangazi ubavu wa gambusi, chini kidogo ya ukingo wa ngozi mpya. Griffins alikuwa mbahili, ameikata ngozi fupi, na chini yake matundu ya zamani yalikuwa yamebaki wazi, yamejaa vanishi. Safu ya juu, ya misumari midogo. Chini yake safu nyingine ya misumari. Kisha safu mbili za matundu manene, ya vijiti, za tangu wakati ambapo mafundi hawakutumia msumari.

"Mato yangu bado yaona," shangazi alisema. "Ni nne."

"Nne, na hii ya leo ya tano. Sasa tazama kichwani, kwenye vigingi. Matundu haya matatu yalilegea kwa kuzungushwa, yakazibwa kwa mti mwingine, yakatobolewa upya. Gambusi ya kutundikwa ukutani haizungushwi vigingi. Na shingoni hapa, msasa umepita, lakini shimo hili, lililolika kwa gumba la wapigaji, umelishindwa. Mejumaa, weka gumba lako."

Mejumaa aliweka. Likaingia. Macho yalimjaa machozi akatazama pembeni.

"Maneno," alisema Athmani. "Matundu hata mimi naweza kuyatoboa. Babangu aliitupa ile ya zamani. Mwenyewe aliniambia. Ilipasuka mgongo, ikafa. Hii ni nyingine, na kama ina matundu, basi ilinunuliwa na matundu yake. Na samahani, Shangazi, lakini hebu tuambiane ukweli. Mjaluo ajua nini habari ya gambusi?"

Shangazi alimtazama Athmani kama anayetazama mtu aliyetema mate mkekani. Alimgeukia Joab. "Wamjibuje, Fundi? Waweza kuonyesha kuwa ndiyo ileile?"

Sasa sikiliza. Joab angeweza kukusanya vyombo vyake akaondoka. Nyumbani Bondeni mkewe Truphosa alikuwa amempikia omena, na hakuna aliyemlazimisha kutukanwa. Tena ule ushahidi wa mwisho, ule ambao haukuwa na jibu, ulikuwa aibu yake mwenyewe, aibu ambayo Mzee Mselemu peke yake ndiye aliyeijua vizuri, na Mzee Mselemu alikwisha kuzikwa nayo. Kulikuwa na vijana wa baraza wakati ule waliosikia kelele zake na kumpa jina. Jina hilo lilimfuata miaka kumi. Alipigana kwa ajili yake mara moja, nje ya msikiti, akatoka na jino limelegea.

Alikunjua kile kioo. Akakipenyeza kwenye kitundu cha sauti, akawasha tochi. Ndani gambusi ilikuwa bado nyeusi, rangi ya tende, mahali ambapo msasa wa Griffins haukufika. Na pale mgongoni, mahali palepale, vilikuwapo.

"Bi Fadhiya, mwambie Athmani aje atazame. Aseme anaona nini."

Athmani aliinama bila kutaka. "Naona ubao. Umebandikwa kukingama mgongoni. Na skrubu mbili."

"Rangi gani?"

"Za shaba."

"Vichwa vyake vikoje? Kuna herufi?"

Athmani alikaza macho. "Kama... kama kuna herufi za reli."

"Basi nikwambie habari yake." Joab alikaa kitako. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ilitetemeka, na haikutetemeka kwa woga. "Mwaka wa themanini na nane Mzee Khatibu alileta gambusi kwa Mzee Mselemu, imeanguka, imepasuka mgongo. Mzee Mselemu alikuwa mgonjwa. Akaniambia mimi niizibe. Ufa kama ule unatiwa gundi, na kama ni kiraka, basi kiraka chembamba, mishipa ya mti wake ifuate mishipa ya gambusi, ili masika yakija na unyevu, vivimbe pamoja, na kiangazi vinywee pamoja. Mimi nilikuwa seremala wa reli. Nikafikiri nguvu. Nikaweka ubao mnene, nikaukingamisha kama ubao wa mlango wa behewa, nikaukaza kwa skrubu mbili nilizozitoa karakana. Mti ukataka kutanuka, ubao ukakataa. Mwezi wa pili tu gambusi ikapasuka ufa wa pili, huu hapa, kando ya ubao wangu. Mzee Mselemu alipouona alipiga kelele mtaa mzima ukasikia: 'Hii ni gambusi, wee, si behewa!'"

Shangazi Fadhiya aliweka mkono mdomoni. "Kumbe ni wewe! Nilisikia mpaka Lamu. Ndiwe Fundi Behewa!"

"Ndimi."

Alilikubali jina lile. Miaka yote hiyo, na amelikubali mwenyewe.

"Mzee Mselemu alitaka kuutoa ule ubao, akaona kuutoa kutaipasua zaidi. Akaziba ule ufa kwa gundi, akaniambia, 'Uache humo, ukumbuke.' Mzee Khatibu hakuitupa gambusi hii. Aliichukua ikiwa na ubao wangu, akaipiga mpaka kufa kwake. Mtu yeyote anaweza kutoboa matundu, Athmani. Lakini kosa hili halinunuliwi dukani. Nililifanya mara moja tu maishani, na nililifanya humu."

Kisha akatoa daftari lake, akaandika, akisema kwa sauti anachoandika. Gambusi ya gogo moja la mfenesi, umri haupungui miaka tisini. Shingo haijapinda. Vigingi vinashika. Ikivuliwa nyuzi za chuma na kutiwa za nailoni, na kile kijiti kikainuliwa, inapigika. Kama isingeguswa, laki moja na themanini. Ipunguzwe arubaini kwa msasa na vanishi. Ipunguzwe ishirini kwa ubao uliokingamishwa na ufa uliotokana nao, kosa la Joab Oloo, fundi.

"Laki moja na ishirini," alisema, akatia sahihi. "Fungu la Mejumaa ni arubaini elfu."

Mtu mwenye haya angekubali hapo. Lakini Athmani alikuwa ameshaonja ushindi wa elfu tatu, na mtu wa namna hiyo, ukimtoa tonge mdomoni, huuma kidole. Alisimama.

"Mwasikia wenyewe! Fundi amekiri kwa mdomo wake kuwa aliiharibu. Imepasuka, ina ubao wa behewa tumboni, imepigwa skrubu. Ni kitu cha ukutani tu! Karatasi yangu yasema elfu tisa, na elfu tisa ndiyo bei. Zaidi hata senti sitambui."

"Wasema elfu tisa?" Shangazi aliuliza.

"Elfu tisa."

"Baada ya yote uliyoyasikia?"

"Shangazi, mimi sikurupuki. Elfu tisa, wallahi."

"Umeapa," alisema shangazi taratibu.

Hapo ndipo Mejumaa aliponyanyuka. Alifungua fundo la leso yake, akahesabu noti mkekani. Nne za elfu moja. Akatafuta katika mkoba, akapata moja tena. Akasimama akitazama zile noti tano. Shangazi Fadhiya aliingiza mkono chini ya mto wa kiti chake, akatoa noti moja iliyokunjwa mara nne, akaitupa juu ya zile nyingine.

"Elfu tisa, fungu lako ni elfu sita," Mejumaa alimwambia kaka yake. "Hizo hapo. Gambusi naichukua mimi, kwa bei yako."

Athmani alitazama noti, akatazama gambusi, akamtazama shangazi. Jasho lilimtoka.

"Hapana, ngoja. Haiwezekani. Mimi nimeshaongea na mtu wa Nyali, yuwangoja, ameshanipa..." Akajikatiza. "Shangazi, elfu sita! Hiki kitu ni cha laki na ishirini!"

Mlango wa jirani ulisikika ukifungwa.

"Nani asema ni cha laki na ishirini?" aliuliza Shangazi Fadhiya.

Athmani alichukua simu zake mezani.

"Fundi alikwambia. Alikwambia mbele yangu, akajivunjia heshima yake ili akwambie kweli. Ukakataa, ukaapa. Ulimi huponza kichwa, mwanangu. Bei ni ya fundi, lakini mapatano ni yenu wenyewe, na wewe umekwisha kupatana. Chukua pesa zako."

Athmani alikwenda kuziokota. Mtu wa Kilindini, mtu wa kontena, akaziokota noti sita mkekani moja moja.

Joab alikuwa ameiweka gambusi mapajani. Hasira ilikuwa haijamtoka, na wala hakutaka imtoke upesi. Alichomoa uzi wa kwanza wa chuma, wa pili, wa tatu, mpaka wa saba, akazizungusha zikawa pete moja mkononi mwake. Athmani alipofika mlangoni, alimwita.

"Athmani. Karatasi yako ilisema kweli jambo moja. Humu kulikuwa na kitu kipya."

Akamtia zile nyuzi mkononi.